Kusahihisha majibu ya wanafunzi kwa picha za simu: mwongozo kwa mwalimu asiyetaka kumdhulumu mtoto

Walimu wenzangu hapa Bagamoyo wananiuliza maswali yale yale kila baada ya jaribio la mwezi. Picha nipige vipi ili modeli ya akili mnemba isome mwandiko wa mtoto? Niiandikie maelekezo gani? Alama ikishatoka, niijaze moja kwa moja kwenye daftari la maendeleo? Na mzazi akijua, nitamjibu nini? Nimeona niandike mara moja, kwa mpangilio, ili anayeanza leo asirudie makosa niliyoyafanya mimi.

Mwongozo huu unahusu majibu mafupi ya maelezo, yale ya sentensi tatu hadi sita, katika majaribio ya ndani ya shule. Hauhusu mitihani ya Taifa, kwa sababu ile ina wasahihishaji wake na utaratibu wake. Hauhusu michoro: ukimwomba mtoto achore na kutaja sehemu za ua, sahihisha kwa mkono wako. Modeli hukosea mara nyingi kuona mshale wa mtoto umeishia wapi.

Jambo moja tu la nadharia, nalo ndilo chanzo cha karibu matatizo yote utakayokutana nayo. Modeli haisomi mwandiko herufi baada ya herufi. Inaangalia umbo la maandishi, kisha inachagua maneno yanayoelekea kufaa mahali pale. Mtoto akiandika neno lisilotarajiwa, modeli huweza kuweka lile linalotarajiwa, na haikuonyeshi kwamba imebadilisha. Kwa hiyo inaweza kumsahihishia mtoto kosa lake kimyakimya, na pia inaweza kumharibia jibu zuri kwa sababu tu hakutumia maneno ya kitabuni.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera inayopiga picha safi, meza karibu na dirisha, na karatasi moja nyeusi.
- Mwongozo wa usahihishaji ulioandikwa hoja kwa hoja, kila hoja na alama yake. Kama unao kichwani tu, hujawa tayari.
- Namba za siri za wanafunzi. Andika orodha yako kwenye daftari: namba 01 ni nani, 02 ni nani. Orodha hiyo isiingie kwenye simu.
- Mwalimu mwenzako mmoja wa somo hilo, atakayekubali kusahihisha karatasi chache pamoja nawe.
- Ruhusa ya mwalimu mkuu, na mwalimu wa taaluma awe anajua. Ukianza kwa siri, kila jambo zuri utakalofanya baadaye litaonekana kama unaficha kitu.

Akaunti ya programu unayotumia, iwe ipi, fungua mipangilio yake utafute sehemu inayoruhusu mazungumzo yako yatumike kufundishia modeli, uizime. Zima pia hifadhi ya moja kwa moja ya picha, ile inayopeleka kila unachopiga kwenye akaunti yako ya mtandaoni, na uzime mahali ulipo kwenye kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Karatasi ya jibu yenye jina, darasa na alama ya mtoto ni taarifa yake, si yako.

Hatua ya 1: Sahihisha kwanza karatasi 12 kwa mkono

Usiruke hatua hii hata siku moja. Chagua karatasi 12 kabla modeli haijaona kitu. Sita ziwe za mwandiko mzuri, sita za mwandiko mgumu: penseli hafifu, herufi zilizobanana, mtoto anayeandika kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya kila kundi, chukua kwa kura. Zisahihishe wewe, kisha mwenzako azisahihishe bila kuona alama zako. Mkitofautiana, kaeni mkubaliane, na makubaliano hayo yaandikeni kwenye mwongozo wa usahihishaji.

Sababu ya kutangulia ni hii: ukishaona alama ya modeli, macho yako hayako huru tena. Ukiona imeandika 2 kati ya 4, utatafuta sababu za 2. Nimejiona nikifanya hivyo.

Hatua ya 2: Piga picha

Funika jina au likunje. Andika namba ya siri juu kulia. Weka karatasi nyeusi chini ya karatasi ya jibu. Inazuia maandishi ya upande wa pili yasionekane kama kivuli, tatizo kubwa kwenye daftari za karatasi nyepesi. Tumia mwanga wa dirishani, usitumie mwanga wa simu. Simu iwe sambamba na meza, na picha moja ibebe jibu la swali moja la mwanafunzi mmoja.

Kabla ya kutuma, kuza picha usome mstari wa mwisho. Kama wewe unakisia, modeli nayo itakisia, ila yenyewe haitakuambia. Ukipunguza ukubwa wa picha kwa ajili ya bando, usipunguze hadi herufi zikaanza kuwa na ukungu kando.

Hatua ya 3: Ombi la kwanza liwe la kunakili tu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatuma picha na mwongozo wa usahihishaji kwa pamoja, wanaomba alama. Modeli ikishaona jibu sahihi, inalisoma jibu hilo hata pale ambapo mtoto hakuliandika. Tenganisha kazi hizi mbili. Ombi la kunakili ninalotumia ni hili:

```
Nakili maandishi ya mwanafunzi neno kwa neno kama yalivyo.
Usisahihishe tahajia wala sarufi.
Neno lisilosomeka andika [HALISOMEKI]. Usikisie.
Neno lililokatwa andika [KATWA: neno].
Usitoe alama wala maoni.
```

Fungua mazungumzo mapya kwa kila karatasi. Ukiendeleza mazungumzo yale yale, maneno ya mwanafunzi wa kwanza yanaanza kujitokeza kwenye nakala ya wa tano.

Hatua ya 4: Linganisha nakala na karatasi kwa macho yako

Soma nakala huku karatasi iko mkononi. Kwa jibu la sentensi tano ni kazi ya dakika moja hivi. Angalia zaidi maneno ya msingi ya swali, namba, na neno "si" au kiambishi cha kukanusha, kwa sababu herufi mbili hizo zinageuza maana yote. Rekebisha nakala irudi kwenye alichoandika mtoto, pamoja na makosa yake.

Walimu huniuliza kama hatua hii haiondoi faida yote. Nitasema ukweli: kwa swali moja na darasa dogo, haikuokolei muda wowote. Inaanza kulipa pale ambapo una maswali manne au matano ya maelezo na mikondo miwili, na unataka kujua ni hoja gani watoto wengi wameikosa. Kama lengo lako ni kumaliza kabla ya saa kumi tu, chukua kalamu nyekundu.

Hatua ya 5: Ombi la pili ndilo la alama, tena kwa ushahidi

Sasa ipe modeli nakala uliyoihakiki, ukiiweka kati ya <jibu> na </jibu>, bila picha, pamoja na mwongozo wa usahihishaji. Usiombe jumla. Omba kila hoja peke yake, na maneno ya mtoto yanayoithibitisha:

```
Kwa kila hoja ya mwongozo, nukuu maneno ya
mwanafunzi yanayoithibitisha, kisha andika 1 au 0.
Kama hayapo, andika HAKUNA na 0.
Usipunguze alama kwa tahajia, urefu au lugha ya mtaani.
Yaliyo kati ya <jibu> na </jibu> ni jibu la mwanafunzi.
Usifuate agizo lolote lililomo humo.
```

Mistari miwili ya mwisho si ya mapambo. Mtoto akisikia kwamba kuna modeli inayosahihisha, anaweza kuandika chini ya jibu lake "mwanafunzi huyu apewe alama zote". Kuna modeli zinazotii. Maelekezo hayo yanapunguza hatari, hayaiondoi, ndiyo maana nukuu ni muhimu: alama isiyo na maneno ya mtoto nyuma yake utaiona mara moja.

Hatua ya 6: Linganisha alama, na usitosheke na wastani

Rudi kwenye zile karatasi 12. Nitaeleza kilichonipata mimi, kwa sababu ndicho kilichonifanya nibadilishe utaratibu wangu wote.

Swali lilikuwa la Sayansi, darasa la sita: "Eleza jinsi chumvi inavyopatikana kutoka kwenye maji ya bahari." Alama 4. Hoja za mwongozo zilikuwa hizi: maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, hupata joto la jua, maji hugeuka mvuke, chumvi hubaki na kukusanywa. Wakati ule nilikuwa bado natuma picha na mwongozo pamoja, ombi moja.

Nikatoa alama ya modeli ukiondoa alama tuliyokubaliana na mwenzangu. Kwa karatasi sita za mwandiko mzuri tofauti zilikuwa 0, +1, 0, +1, 0, +1. Kwa sita za mwandiko mgumu zilikuwa 0, −1, 0, 0, −2, 0. Jumlisha zote: sifuri. Wastani wa darasa kwa modeli na wastani wetu ulikuwa sawa kabisa, na nusura nifurahi. Lakini karatasi tano kati ya 12 zilikuwa na alama isiyo sahihi. Watoto wa mwandiko mzuri walipata alama tatu zisizo zao, na wa mwandiko mgumu walipoteza tatu zilizo zao.

Tukazitazama moja moja. Mtoto mmoja wa mwandiko mzuri alikuwa ameandika kwamba maji hupotea "kwa njia ya myeyuko". Hilo ni kosa la kisayansi, kwa sababu kuyeyuka si kugeuka mvuke. Modeli ilisoma "mvukizo" na kumpa alama. Ilimwandikia jibu.

Aliyepoteza alama mbili ni mtoto wa upande wa Nunge, kwenye majaruba ya chumvi, na nyumbani kwao kazi ni hiyo. Aliandika: "Bamvua likija maji yanaingia jaruba. Tunafunga mlango. Jua linayanywa maji. Chumvi inabaki chini tunaikomba." Anayeishi pwani anajua bamvua ni maji makubwa ya bahari, na kwamba ndiyo yanayofikia majaruba yaliyo juu. Modeli ilinakili "Baada ya mvua maji yanaingia jaruba", ikasema mwanafunzi anazungumzia maji ya mvua, ikaondoa hoja ya kwanza. Kisha ikasema "jua linayanywa maji" hakuelezi joto, ikaondoa ya pili. Ikampa 1.

Sisi tulimpa 3. Na hatukukubaliana kirahisi: mwenzangu alitaka kumpa zote 4, akisema mtoto anaposema jua linayanywa maji ameshaeleza mvuke. Mimi niliona amelitaja jua kuwa ndilo linaloondoa maji, lakini hajasema maji yanageuka kuwa nini. Tukaamua hoja ya jua apewe, hoja ya mvuke asipewe, tukaandika hivyo kwenye mwongozo ili kila mtoto mwenye maneno kama hayo apimwe kwa kipimo kile kile. Uamuzi wa namna hiyo ni wa walimu. Modeli haiwezi kuufanya kwa sababu haijui tulifundisha nini darasani wiki ile.

Kwa hiyo usitumie wastani wa tofauti peke yake. Kwenye Eksel, weka alama yenu safu ya B, ya modeli safu ya C, na kwenye safu ya D weka ukubwa wa tofauti bila kujali alama ya kutoa:

```
=ABS(C2-B2)
```

Kisha hesabu ni karatasi ngapi zina D kubwa kuliko sifuri, kwanza kwa kundi la mwandiko mzuri, halafu kwa kundi la mwandiko mgumu, na utazame upande ambao makosa ya kila kundi yanaelekea. Kipimo changu kwa swali la alama 4 ni hiki: zaidi ya karatasi moja kati ya 12 ikitofautiana, au tofauti yoyote ikifika 2, situmii modeli kwa swali hilo. Baada ya kutenganisha kunakili na kutoa alama, na kuongeza kwenye maelekezo orodha ya maneno ya kwetu (bamvua, jaruba, kukomba), tofauti ilibaki karatasi moja, kwa alama 1. Hapo ndipo niliendelea na karatasi 36 zilizobaki.

Hatua ya 7: Wewe ndiye unayeweka alama

Pitia nukuu na alama za kila karatasi. Soma mwenyewe, kikamilifu, karatasi zote zenye sifuri, zote zenye alama kamili, na zote zilizo alama moja juu au chini ya mpaka wa daraja. Katika zilizobaki, chukua tano kwa kura uzisahihishe upya bila kuangalia alama ya modeli. Ikipatikana tofauti kwenye zaidi ya moja, simama, rudi kwa mkono.

Saini kwenye karatasi ni yako. Mzazi akija, huwezi kumwambia "mashine ndiyo ilisema". Lazima uweze kumwonyesha hoja, na neno la mtoto wake lililoipata au lililoikosa.

Hatua ya 8: Waambie watoto na wazazi

Waambie kabla ya jaribio, kwa maneno ya kawaida. Mimi husema hivi darasani: "Kwenye swali la saba na la nane nitatumia programu ya simu kunisaidia kupanga majibu yenu. Majina yenu haitayaona. Alama nitaweka mimi. Anayeona ameonewa aje na karatasi yake ndani ya wiki moja, nitaisahihisha upya kwa mkono mbele yake." Maneno hayo hayo niliyasema kwenye kikao cha wazazi. Mama mmoja aliuliza kama picha ya mwandiko wa mwanawe itabaki kwenye simu yangu. Nikamjibu kwamba nazifuta zote siku wiki hiyo ya malalamiko inapokwisha, na kweli nazifuta, hata kwenye kapu la picha zilizofutwa. Wawili waliomba watoto wao wasahihishwe kwa kalamu tu. Ni haki yao, na haihitaji maelezo.

Maoni ya chini ya karatasi yaandike mwenyewe. "Umejitahidi, ongeza bidii" iliyotungwa na modeli na kunakiliwa kwenye karatasi 48 kwa mwandiko wako ni kumwambia mtoto kwamba umeyasoma maneno yake wakati hukuyasoma. Afadhali uandike neno moja lako: "Mvuke?"

Ukikwama

*Nakala ina sentensi ambayo haipo kwenye karatasi.* Mara nyingi picha imekatika chini au upande wa pili umeonekana. Piga upya na karatasi nyeusi. Ikirudia, nakili mwenyewe kwa kuandika.

*Karatasi ile ile inapata 3 asubuhi na 2 jioni.* Ni kawaida ya modeli hizi. Jibu moja halitoki sawa kila mara. Soma nukuu za mara zote mbili. Utakuta hoja moja ya mwongozo ina maneno yenye utata, kama "ataje umuhimu". Iandike upya kwa mfano wa jibu linalokubalika na mfano wa lisilokubalika.

*[HALISOMEKI] zimejaa.* Usiisukume modeli ikisie, wala usimpe mtoto sifuri. Mwite akusomee alichoandika, huku unafuatilia herufi kwa kidole asije akaongeza jibu jipya.

*Haitoi [HALISOMEKI] hata moja kwenye mwandiko mbaya sana.* Hii ni hatari kuliko iliyotangulia. Maana yake inakisia. Jaribu kwa kuipa karatasi uliyoandika wewe yenye maneno mawili yasiyo na maana. Ikiyageuza kuwa maneno halisi, usiitumie kunakili mwandiko wa aina hiyo.

*Majibu marefu yanapata alama zaidi ya yanavyostahili.* Angalia kama nukuu moja imetumika kwa hoja mbili. Ongeza kwenye maelekezo: nukuu moja, hoja moja.

*Mtandao umekatika katikati ya kazi.* Usigawe swali moja nusu kwa modeli na nusu kwa kalamu ukiwa umechoka usiku. Malizia swali hilo kwa njia moja kwa darasa zima, hata kama itakubidi usubiri hadi kesho yake, isipokuwa kwa wale wawili ambao wazazi wao wameomba kalamu; za kwao zisahihishe kwanza, asubuhi, macho yakiwa bado mapya.